Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kipimo Kinapoonyesha Ugonjwa kwa Mtu Asiye Nao

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari, uuguzi, maabara na takwimu, pamoja na walimu wanaowatungia mitihani. Mfano utakaotumika karibu kila mahali ni kipimo cha haraka cha VVU, kwa kuwa ubora wake umewekewa viwango vinavyojulikana, na kwa kuwa taratibu za kukitumia zimejengwa juu ya hesabu ileile inayowatatiza wanafunzi. Anayeielewa hesabu hiyo ataelewa pia kwa nini mteja hapewi jibu la kuwa na maambukizi kutokana na kipimo kimoja.

Chanya ya uongo ni nini, na hutokana na nini?

Chanya ya uongo ni jibu linaloonyesha maambukizi kwa mtu ambaye kwa kweli hana maambukizi. Vipimo vingi vya haraka vya VVU havitafuti virusi vyenyewe, bali hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi hivyo. Tone la damu kutoka kidoleni husambaa kwenye ukanda uliopakwa protini zinazofanana na za virusi, na kingamwili zikinasa hapo, mstari hujitokeza. Kingamwili za mwili wa binadamu ni nyingi mno, na mara chache zile zilizotengenezwa kwa sababu nyingine kabisa hunasa kwenye protini hizo. Hapo mstari hutokea ingawa VVU haipo.

Sababu nyingine zinatokana na kazi yenyewe: jibu kusomwa baada ya muda ulioelekezwa kupita, mstari hafifu kutafsiriwa vibaya, sampuli mbili kubadilishana, au jibu kuandikwa kwenye mstari wa mtu mwingine katika rejesta. Makosa haya hupunguzwa kwa mafunzo na usimamizi. Aina ya kwanza haiondolewi na mtoa huduma hata awe makini kiasi gani, na ndiyo inayohitaji hesabu.

Kipimo kikisemwa kuwa na asilimia 99 na asilimia 98, namba hizo zinahusu nini?

Shirika la Afya Duniani linapokagua vipimo vya haraka vya VVU kabla ya kuviidhinisha, hutaka kila kipimo kitimize angalau masharti mawili. Sharti la kwanza ni kwamba kati ya watu 100 wenye VVU, kipimo kiwatambue wasiopungua 99. Huu tutauita uwezo wa kugundua. Sharti la pili ni kwamba kati ya watu 100 wasio na VVU, kipimo kiwape jibu hasi wasiopungua 98. Huu tutauita uwezo wa kuondoa. Vipimo vingi vilivyoidhinishwa hufanya vizuri kuliko viwango hivyo vya chini, lakini hapa tutatumia 99 na 98 ili hesabu zifuatike kwa urahisi.

Kila namba kati ya hizo mbili ina kundi lake. Ya kwanza imehesabiwa miongoni mwa watu ambao tayari inajulikana kuwa wana VVU, na ya pili miongoni mwa wale ambao tayari inajulikana kuwa hawana. Hakuna hata moja iliyohesabiwa miongoni mwa watu waliopata jibu chanya. Mwanafunzi akilishika jambo hili moja, sehemu kubwa ya mkanganyiko huondoka.

Ikiwa kipimo hukosea kwa watu 2 tu kati ya 100 wasio na VVU, je, aliyepata jibu chanya hana uwezekano wa asilimia 98 wa kuwa na VVU?

Hapana. Hili ndilo kosa la msingi, na lina sababu inayoeleweka: maswali mawili tofauti yanafanana sana yanapotamkwa. La kwanza linauliza: ikiwa mtu ana VVU, kuna uwezekano gani kipimo chake kiwe chanya? La pili linauliza: ikiwa kipimo cha mtu ni chanya, kuna uwezekano gani awe na VVU? Kila moja ni uwezekano wenye sharti, lakini sharti limebadilishana nafasi na jambo linaloulizwa. Mtengenezaji wa kipimo anaweza kulijibu la kwanza akiwa maabara. La pili halijibiki mpaka ijulikane ni watu gani wanaopimwa.

Tuchukue watu 10,000 kutoka jamii ambayo mtu 1 kati ya 100 ana VVU. Katika kundi hilo watu 100 wana VVU na 9,900 hawana. Kwa hao 100, kipimo kitaonyesha chanya kwa 99. Kwa hao 9,900, kipimo kitakosea kwa asilimia 2, yaani kwa watu 198. Majibu chanya yote kwa pamoja ni 297, na kati ya hayo ni 99 tu yaliyo ya kweli. Aliyepata jibu chanya katika kundi hili ana uwezekano wa theluthi moja wa kuwa na VVU, na uwezekano wa theluthi mbili wa kutokuwa nayo.

Kipimo hakijawa kibovu kwa sababu hiyo. Kimetimiza masharti yote mawili kama yalivyoandikwa. Kilichotokea ni kwamba asilimia 2 ya kundi kubwa sana imezidi asilimia 99 ya kundi dogo sana.

Kwa nini kipimo kilekile kiaminike zaidi mkoa mmoja kuliko mwingine?

Kwa sababu kiwango cha maambukizi katika kundi linalopimwa ni sehemu ya hesabu, na kiwango hicho hutofautiana. Tanzania inatoa mfano ulio wazi. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta kwamba mkoani Njombe asilimia 11.4 ya watu wazima walikuwa na VVU, wakati Zanzibar kiwango kilikuwa chini ya asilimia 1.

Kundi letu la watu 10,000 wenye maambukizi ya asilimia 1 linaikaribia Zanzibar, na hata hivyo limekadiriwa juu kidogo. Sasa tuchukue watu 10,000 kutoka mahali palipo na hali kama ya Njombe, kwa kiwango cha asilimia 11. Wenye VVU ni 1,100, na kipimo kitawaonyesha 1,089. Wasio na VVU ni 8,900, na asilimia 2 yao ni 178. Majibu chanya ni 1,267, na ya kweli ni 1,089, ambayo ni takriban asilimia 86.

Msomaji azilinganishe chanya za uongo katika makundi haya mawili: 198 katika la kwanza, 178 katika la pili. Tofauti ni ndogo. Wanafunzi wengi hudhani kwamba mahali penye maambukizi machache kipimo hukosea zaidi, na wakiulizwa sababu hutafuta kasoro katika vitendanishi, katika joto, au kwa mtoa huduma. Kosa ni lilelile kila mahali. Kinachobadilika ni idadi ya chanya za kweli zinazosimama kando ya hizo za uongo: 99 upande mmoja, 1,089 upande wa pili.

Je, kuna kanuni ya hesabu inayofupisha kazi hii?

Ipo. Tukiandika M kwa maana ya kuwa na maambukizi, + kwa maana ya jibu chanya, na P(M|+) kwa maana ya uwezekano wa M ikiwa jibu ni +, hesabu ya kundi lenye asilimia 1 huandikwa hivi:

```
P(M|+) = (0.01 × 0.99) / (0.01 × 0.99 + 0.99 × 0.02)
       = 0.0099 / 0.0297
       = 1/3
```

Sehemu ya juu ni wale wenye VVU waliopata chanya, na sehemu ya chini ni wote waliopata chanya. Kanuni hii hufahamika kwa jina la Bayes. Ni sahihi, na mwanafunzi anapaswa kuijua, lakini sishauri somo lianzie hapo. Mwaka 1995 Gerd Gigerenzer na Ulrich Hoffrage walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu hujibu maswali ya aina hii vizuri zaidi wanapopewa idadi ya watu kuliko wanapopewa asilimia. Sababu yake inaonekana hata kwenye mfano uliotangulia: ukihesabu watu, ukubwa wa kundi la wasio na VVU uko mbele ya macho yako wakati wote, ilhali katika kanuni umejificha ndani ya 0.99, namba ambayo, kwa bahati mbaya, katika mfano huu hutokea mara tatu ikiwa na maana mbili tofauti. Hizo 0.99 mbili zinazofuata 0.01 ni uwezo wa kugundua. Ile inayotangulia 0.02 ni sehemu ya jamii isiyo na VVU. Mwanafunzi asiyeweza kueleza ipi ni ipi amekariri kanuni tu.

Ikiwa theluthi mbili ya majibu chanya ni ya uongo, kipimo cha kwanza kina faida gani?

Kina faida kubwa. Kabla ya kipimo, mtu aliyetoka katika kundi hilo alikuwa na uwezekano wa 1 kati ya 100. Baada ya jibu chanya, uwezekano wake ni 1 kati ya 3. Badala ya kuwachunguza watu 10,000 kwa kina, sasa kituo kina watu 297 wa kuwafuatilia, na katika hao wamo 99 kati ya wote 100 wenye VVU. Kazi ya uchunguzi wa awali ni kupunguza kundi. Kosa huanza pale jibu la uchunguzi linapochukuliwa kuwa ndilo jibu la mwisho.

Kwa hiyo mwanafunzi anayehitimisha kwamba jibu chanya lipuuzwe amekosea sawasawa na yule anayelichukua kuwa hukumu. Mtu ambaye kipimo chake cha kwanza ni chanya anapaswa kuendelea na hatua zote zinazofuata, siku hiyohiyo inapowezekana.

Ili kupunguza chanya za uongo, tuboreshe uwezo wa kugundua au uwezo wa kuondoa?

Uwezo wa kuondoa. Katika kundi lenye asilimia 1, tuchukulie kwamba kipimo kimeboreshwa kiasi cha kumgundua kila mwenye VVU bila kumkosa hata mmoja. Chanya za kweli zitaongezeka kutoka 99 hadi 100, na za uongo zitabaki 198. Uwiano wa majibu ya kweli utatoka asilimia 33.3 na kufika asilimia 33.6, badiliko ambalo halionekani kwa mteja yeyote.

Sasa tuuache uwezo wa kugundua ulivyo, tupandishe uwezo wa kuondoa kutoka asilimia 98 hadi 99.5. Chanya za uongo zinashuka kutoka 198 hadi 50 hivi, na uwiano wa majibu ya kweli unapanda hadi theluthi mbili. Hatua ya asilimia moja na nusu imeongeza ukweli wa jibu mara mbili, kwa sababu imegusa kundi la watu 9,900.

Kwa nini baadhi ya nchi zilitumia vipimo viwili vya kuthibitisha VVU na sasa zinashauriwa kutumia vitatu?

Hapa ndipo hesabu ya darasani ilipoingia katika sera. Shirika la Afya Duniani hutaka kwamba, mwisho wa mfululizo wote wa vipimo, angalau asilimia 99 ya watu wanaoambiwa wana VVU wawe nayo kweli. Kwa miaka mingi ushauri wake ulikuwa kwamba mahali penye maambukizi ya asilimia 5 au zaidi, vipimo viwili tofauti vikitoa chanya mfululizo vinatosha, na chini ya hapo vihitajike vitatu.

Tuone asilimia 5 inatoka wapi. Kipimo cha pili hupewa tu wale waliopata chanya kwenye cha kwanza, na kwa ajili ya hesabu tuchukulie kwamba kina uwezo uleule wa 99 na 98 na kwamba makosa yake hayahusiani na ya kipimo cha kwanza.

Katika kundi lenye asilimia 1, wanaofika kwenye kipimo cha pili ni 99 wenye VVU na 198 wasio nayo. Kati ya hao 99, kipimo cha pili kitaonyesha chanya kwa 98. Kati ya wale 198, kitakosea kwa asilimia 2, yaani kwa watu 4. Kwa hiyo wenye chanya mbili ni 102, na 98 kati yao wana VVU: asilimia 96. Kwa msikilizaji wa kawaida asilimia 96 inaridhisha. Lakini maana yake ni kwamba watu wanne wasio na VVU wataambiwa wanayo, wataanza dawa za kufubaza, na pengine watavunja ndoa zao, na hakuna dalili yoyote itakayowafahamisha kwamba kulikuwa na kosa, kwa kuwa afya yao nzuri itahesabiwa kuwa ni matokeo mazuri ya dawa. Kipimo cha tatu kinawapunguza wale wanne hadi chini ya mtu 1 kati ya 10,000 waliopimwa, na majibu ya kweli yanavuka asilimia 99.

Katika kundi lenye asilimia 5, wenye VVU ni 500. Kipimo cha kwanza kinawaonyesha 495, cha pili 490. Wasio nayo ni 9,500. Kipimo cha kwanza kinakosea kwa 190, cha pili kwa 4 hivi. Kati ya watu 494 wenye chanya mbili, 490 wana VVU, yaani asilimia 99.2. Lengo limefikiwa kwa nafasi ndogo sana, na kiwango kikishuka hadi asilimia 3, vipimo viwili havifiki tena asilimia 99. Ndiyo sababu mpaka ukawekwa pale.

Mwaka 2019 Shirika hilo lilizishauri nchi zihamie kwenye vipimo vitatu kadiri kiwango cha maambukizi miongoni mwa wanaopimwa kinavyoshuka chini ya asilimia 5, hata zile ambazo zamani zilihesabiwa kuwa na maambukizi makubwa.

Je, kurudia kipimo kilekile kwa mtu yuleyule si sawa na kutumia kipimo cha pili?

Si sawa, na hapa lazima tulitazame sharti tulilolipitisha upesi, yaani kwamba makosa ya vipimo viwili hayahusiani. Asilimia 2 kuzidishwa na asilimia 2 hutoa 4 kati ya 10,000 pale tu ambapo kosa la kwanza haliongezi uwezekano wa kosa la pili. Ikiwa mteja ana kingamwili inayonasa kwenye protini fulani ya ukanda, itanasa tena kesho na keshokutwa kwenye ukanda wa aina ileile. Kurudia kipimo hichohicho kunaweza kufichua sampuli zilizobadilishana au mstari uliosomwa vibaya, lakini hakuwezi kufichua kosa linalotokana na damu yenyewe ya mteja.

Kwa sababu hiyo vipimo katika mfululizo huchaguliwa visifanane kwa namna vinavyotengenezwa. Hata hivyo kutohusiana kabisa ni nadra, kwa kuwa vyote vinatafuta kingamwili dhidi ya virusi vilevile. Hesabu zetu kwa hiyo zinaionyesha hali kuwa nzuri kuliko ilivyo. Kazini, chanya mbili za uongo kwa mtu mmoja hutokea mara nyingi kuliko zinavyotabiriwa.

Kutokana na hayo ipo desturi moja inayopaswa kuachwa: kipimo cha kwanza kikiwa chanya na cha pili hasi, cha tatu kutumiwa kama mwamuzi, na walio wengi washinde. Kura hiyo huzipa nafasi chanya za uongo. Shirika la Afya Duniani hushauri dhidi yake. Majibu yanayopingana yasipokwisha hata baada ya kurudia, mteja huambiwa kwamba hali yake bado haijajulikana na huombwa arudi baada ya siku 14. Pia inashauriwa kwamba kila aliyethibitishwa apimwe upya kwa sampuli mpya kabla ya kuanza dawa.

Katika hesabu, nitumie kiwango cha maambukizi cha nchi, cha mkoa, au cha nani?

Tumia cha kundi ambalo mtu anayepimwa ametoka. Kiwango cha nchi ni wastani wa makundi yasiyofanana, na mara nyingi hakimhusu yeyote kati ya walioketi kwenye benchi la kituo. Mwenza wa mtu aliyethibitishwa kuwa na VVU ana uwezekano wa awali ulio mkubwa mara nyingi kuliko wa mtu aliyekuja kuchangia damu, na jibu chanya lililo sawa machoni lina uzito tofauti kwa hao wawili. Historia na dalili anazouliza mtaalamu kabla ya kupima zinaingia kwenye hesabu kupitia mlango huu.

Jambo ambalo wanafunzi wazuri pia hulikosa ni athari ya matibabu. Tuchukue mkoa wenye watu wazima 10,000, kati yao 500 wakiwa na VVU, yaani asilimia 5. Tuseme 400 kati ya hao wanaijua hali yao na wanatumia dawa, hivyo hawaji tena kupimwa. Wanaobaki kupimwa ni 9,600, na wenye VVU miongoni mwao ni 100. Kiwango katika kundi linalopimwa ni karibu asilimia 1, ingawa ripoti ya mkoa inasema 5. Kipimo cha kwanza kitatoa chanya za kweli 99 na za uongo 190, na majibu ya kweli yatakuwa asilimia 34 tu. Kadiri huduma ya dawa inavyofanikiwa, ndivyo jibu chanya la kipimo cha kwanza linavyopungua uzito. Mkoa unaoendelea na vipimo viwili kwa kutegemea namba ya ripoti utakuwa umevuka mpaka bila kujua.

Na jibu hasi je, linaathiriwa vivyo hivyo?

Linaathiriwa kwa mwelekeo wa kinyume, na kwa kiasi kidogo. Katika kundi lenye asilimia 1, majibu hasi ya uongo ni 1 kati ya 9,703. Katika kundi lenye asilimia 11, ni 11 kati ya 8,733, yaani karibu 1 kati ya 800. Tahadhari iliyopo ni kwamba hesabu hii haimhusu mtu aliyeambukizwa wiki chache zilizopita, ambaye mwili wake bado haujatengeneza kingamwili za kutosha. Kwake uwezo wa kugundua haufiki asilimia 99, na dawa ya tatizo hilo ni kupima tena baada ya muda.

Mwalimu atajuaje kwamba mwanafunzi ameelewa, si kwamba amekariri?

Swali linalojulikana zaidi liliulizwa Marekani mwaka 1978 kwa watu 60, wanafunzi na madaktari, katika hospitali za kufundishia za Chuo Kikuu cha Harvard. Ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 1,000, na kipimo hutoa chanya ya uongo kwa asilimia 5. Aliyepata chanya, bila kujua dalili zake, ana uwezekano gani wa kuwa mgonjwa? Waliojibu asilimia 95 walikuwa 27. Waliojibu karibu asilimia 2, ambalo ndilo jibu sahihi, walikuwa 11. Katika watu 1,000 mgonjwa ni mmoja, na chanya za uongo ni kama 50. Hivyo ni 1 kati ya 51. Mwanafunzi makini atauliza pia mbona uwezo wa kugundua haukutajwa, na atastahili alama ya ziada, kwani jibu hilo linachukulia kwamba mgonjwa yule mmoja hakosekani.

Swali hilo limezoeleka mno sasa, na wengi hujibu kwa kumbukumbu. Ninapendelea kutumia mengine matatu.

La kwanza humpa mwanafunzi uwezo wa kugundua wa asilimia 99 na wa kuondoa wa asilimia 98, kisha humuuliza uwezekano wa mwenye chanya kuwa na VVU, bila kumtajia kiwango cha maambukizi. Jibu sahihi ni kwamba haiwezekani kukokotoa. Anayeandika 98 au 99 amegeuza sharti. Anayechagua kiwango chake mwenyewe, akakitaja wazi na kuhesabu kutokana nacho, ameelewa.

La pili linasema: kituo A na kituo B vimepima watu 10,000 kila kimoja kwa kipimo kilekile. Katika kituo A, theluthi mbili ya majibu chanya ya kipimo cha kwanza yamekuja kuonekana kuwa ya uongo. Katika kituo B ni asilimia 14. Msimamizi anataka kuwapa onyo watumishi wa kituo A. Utamshauri nini? Mwanafunzi aliyekariri kanuni huganda, kwa sababu hakuna pa kuingiza namba. Aliyeelewa atauliza kwanza ni wangapi wenye VVU katika kila kituo, kisha atadai idadi ya chanya za uongo kwa kila watu 100 wasio na VVU. Ikiwa ni 2 katika vituo vyote viwili, watumishi wa kituo A wanafanya kazi sawa na wenzao. Ikiwa kituo A kina 4 na kituo B kina 2, hapo kuna jambo la kukagua, kuanzia hifadhi ya vitendanishi hadi namna mistari hafifu inavyosomwa.

La tatu ni sentensi ya kusahihisha: "Kipimo hiki kina chanya za uongo asilimia 2, kwa hiyo katika kila majibu chanya 100, mawili ni ya uongo." Simwombi mwanafunzi ahesabu chochote. Namtaka aeleze asilimia 2 imegawanywa kwa kundi gani, na majibu 100 yametoka kundi gani. Jibu la kutosha ni sentensi mbili: asilimia 2 ni sehemu ya watu wasio na VVU, na majibu 100 ni ya watu waliopata chanya, wenye VVU na wasio nayo wakiwa wamechanganyika. Akiongeza kwamba sentensi ile ingekuwa karibu na ukweli katika kundi lenye maambukizi makubwa sana, nampa alama zote. Kwa kipimo chetu hali hiyo hutokea nusu ya wanaopimwa wakiwa na VVU, pale ambapo chanya za kweli ni 4,950, za uongo ni 100, na sehemu ya majibu chanya iliyo ya uongo ni takriban asilimia 2.